Kifungu cha kutoshindana kwenye mkataba wa ajira: kinakubana lini na lini hakikubani

Kwenye mikataba mingi ya kampuni zinazonunua, kubangua na kusafirisha korosho kutoka Mtwara na Lindi, ukurasa wa mwishomwisho huwa na maneno ya aina hii:

"Mfanyakazi hataajiriwa wala kushiriki katika biashara yoyote inayohusiana na mazao ya kilimo mahali popote Tanzania kwa miezi 24 baada ya ajira kukoma. Akikiuka atalipa faini ya shilingi 20,000,000."

Hicho ndicho kifungu cha kutoshindana. Kinamtaka mfanyakazi, akishaondoka, asiende kwa mpinzani wa mwajiri wake na asifungue biashara kama ile. Wengi hukisaini bila kukisoma, kisha hukikumbuka siku wanapopata kazi bora ng'ambo ya barabara. Hapo huwa na hofu kubwa kuliko inavyostahili, au hawana hofu kabisa, na yote mawili yana gharama yake.

Mwongozo huu unamfuata mtu mmoja wa mfano: mkaguzi wa ubora wa korosho kwenye kampuni ya Mtwara mjini, mshahara shilingi 900,000 kwa mwezi, mwenye kifungu hicho hapo juu. Anataka kuhamia kampuni nyingine inayonunua kwenye minada ileile. Sheria tunayoizungumzia ni ya Tanzania Bara.

Hatua ya kwanza: tenganisha vifungu vinavyofanana

Kabla ya kuuliza kama kifungu kina nguvu, hakikisha ndicho unachokisoma. Mara nyingi vifungu vitatu hupangwa pamoja na kuonekana kimoja.

Cha kwanza ni cha kutunza siri. Hakikukatazi kazi yoyote, ila kinakukataza kutoa au kutumia taarifa za mwajiri. Hiki mahakama hukikubali kwa urahisi, na kwa siri za kweli wajibu huo unakufuata hata kama mkataba haukuutaja.

Cha pili ni cha kutovuta wateja au wafanyakazi wenzako. Unaruhusiwa kwenda kwa mpinzani, ila usiwafuate wateja uliokuwa ukiwahudumia wala usiondoke na kikosi kizima. Hiki nacho hupita mara nyingi, muda wake ukiwa mfupi.

Cha tatu ndicho cha kutoshindana chenyewe, kinachokunyima kazi. Ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho kinachoanguka mara nyingi.

Liko pia jambo lisilohitaji kifungu. Ukiwa bado umeajiriwa, unadaiwa uaminifu kwa mwajiri wako. Mkaguzi anayepokea mshahara wa kampuni moja huku jioni akiipimia nyingine sampuli hana pa kujitetea, hata kama mkataba wake haukusema neno. Yanayofuata hapa yanahusu maisha baada ya ajira.

Hatua ya pili: jua mzigo uko kwa nani

Watu wengi huanza na swali la "si nilisaini?" Kusaini ni jambo zito, lakini kwa kifungu hiki hakutoshi. Ibara ya 22 ya Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nayo haitambui makubaliano yanayokwenda kinyume na maslahi ya umma. Kumzuia mtu mwenye ujuzi asiutumie kunaanza kwa kuhesabiwa upande huo mbaya. Mwajiri ndiye anayepaswa kukiokoa kifungu, kwa kuonyesha kwamba kinalinda kitu halali na hakizidi kile kinachohitajika kukilinda.

Kipimo hicho kimetokana na maamuzi ya mahakama za Uingereza. Sura ya 358 ya sheria zetu inaziruhusu mahakama zetu kutumia kanuni za sheria ya Kiingereza zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920, pale zinapofaa mazingira yetu. Kesi kuu za eneo hili zote ziliamuliwa kabla ya tarehe hiyo. Ya Nordenfelt mwaka 1894 iliweka kipimo cha uhalali. Hapo muuzaji wa kiwanda cha silaha alizuiwa miaka 25, dunia nzima, na zuio likasimama kwa sababu alikuwa ameuza biashara yenyewe kwa fedha nyingi na mnunuzi alistahili kupata alichonunua.

Usiruhusu mwajiri akutumie mfano huo. Mfanyakazi hajauza biashara. Mwaka 1913, katika kesi ya Mason dhidi ya Provident Clothing, mtu aliyekuwa akitembelea wateja na kukusanya malipo katika mtaa mmoja wa London alikuwa amezuiwa kazi ya aina hiyo ndani ya maili 25 za jiji hilo kwa miaka 3. Zuio lilianguka, kwa kuwa eneo lilipita mbali sana pale alipofanyia kazi. Mwaka 1916, katika kesi ya Herbert Morris dhidi ya Saxelby, mhandisi wa mitambo ya kunyanyulia mizigo alikuwa amezuiwa miaka 7 Uingereza nzima. Nalo likaanguka, na hapo ndipo palipowekwa wazi jambo muhimu kuliko yote kwa mfanyakazi: mwajiri hana haki ya kujikinga dhidi ya ushindani wenyewe. Anaweza kulinda siri zake na uhusiano wake na wateja, basi. Ujuzi uliojifunza kazini ni wako, hata kama yeye ndiye aliyelipia mafunzo.

Hatua ya tatu: uliza mwajiri analinda nini hasa

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au kushinda, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua karatasi, uigawe safu mbili. Upande mmoja andika unachokijua kwa sababu ni mtu wa kazi hiyo. Upande wa pili andika unachokijua kwa sababu tu ulikuwa ndani ya kampuni hiyo.

Mkaguzi wetu hupokea sampuli ya korosho ghafi, hupima unyevu, huhesabu korosho zinazoingia kilo moja, huzikata, hutenga zilizooza na zilizosinyaa, hupima uzito wa viini vizuri, kisha husema gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kiini. Kazi hiyo hufanywa na kila mkaguzi kuanzia maghala ya Tandahimba hadi Nachingwea. Iko safu ya kwanza. Haijalishi mwajiri alimpa mafunzo ya miezi mingapi.

Bei je? Watu hudhani bei ni siri. Bei iliyofikiwa mnadani hutangazwa mbele ya wakulima wa chama cha msingi na kila mtu huondoka nayo. Kitu kinachojulikana na soko zima hakiwezi kuwa siri ya mtu mmoja, hata mkataba ukikiita hivyo.

Safu ya pili huwa fupi, lakini ina uzito. Huenda mkaguzi alikaa kwenye kikao cha kupanga kiwango cha juu ambacho kampuni iko tayari kulipa kwa ubora fulani kabla zabuni haijawekwa. Huenda anajua mnunuzi wa nje amekubali bei gani na mzigo wa tani ngapi, au ghala lipi kampuni inalilenga wiki ijayo. Mpinzani akiyajua hayo, anaongeza shilingi chache juu ya kiwango kile na kuchukua mzigo. Hiyo ni siri halisi, na mahakama itasikiliza.

Kwa hiyo cheo hakiamui kitu. Mkaguzi asiyeingia vikao vya bei hana cha kulindwa, na kifungu chake kinaweza kuanguka chote bila hata kufika kwenye muda na eneo. Karani wa mauzo mwenye mshahara mdogo, lakini mwenye namba na masharti ya wanunuzi wote wa nje, anaweza kubanwa.

Hatua ya nne: pima kazi, muda na eneo kwa pamoja

Tuseme mkaguzi wetu alikuwa akiingia vikao hivyo. Sasa mwajiri ana kitu cha kulinda. Swali linalobaki ni kama kifungu kimekilinda kwa kiasi.

Kazi zilizokatazwa: "biashara yoyote inayohusiana na mazao ya kilimo." Hiyo inamkataza hata kusimamia mashine ya kukamua ufuta au kuuza mihogo sokoni. Siri ya zabuni ya korosho haihusiani na mihogo. Hapa kifungu kimejivunja chenyewe.

Muda: jiulize siri hiyo inaoza lini. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba na msimu hufifia mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kiwango cha juu cha zabuni cha msimu huu hakimsaidii mtu msimu ujao, kwa kuwa bei ya dunia, mavuno na wanunuzi vitakuwa vimebadilika. Anayeondoka Novemba, katikati ya minada, anaweza kubanwa kwa haki hadi msimu uishe. Anayeondoka Aprili ana kidogo sana kichwani cha kumdhuru mwajiri. Miezi 24 inavuka misimu miwili na haina maelezo. Hakuna idadi ya miezi iliyoandikwa kwenye sheria kuwa ndiyo halali, kwa hiyo usimwamini anayekwambia "hadi mwaka mmoja ni sawa." Muda hupimwa kwa umri wa siri.

Eneo: hapa watu wa kusini hujichanganya. Kwa kawaida eneo dogo ni bora kwa mfanyakazi, na "Tanzania nzima" huonekana kuwa ndiyo dhuluma. Lakini korosho ina kwao. Kumwambia mtaalamu wa korosho asifanye kazi Mtwara na Lindi, hata kama mikoa mingine yote iko wazi, ni karibu sawa na kumwambia aache taaluma. Kwa zao lililojikusanya mahali pamoja, ufupi wa orodha ya mikoa haupunguzi ukali wa zuio. Mweleze hivyo hakimu au mwamuzi, maana aliyetoka mbali huenda asilione.

Kifungu kikizidi kipimo, mahakama haikiandiki upya. Inaweza kufuta neno au sentensi inayojitegemea, kilichobaki kikisomeka chenyewe bila kuongezewa kitu. Miezi 24 haiwezi kugeuzwa kuwa 4. Waajiri huandika makubwa wakidhani mahakama itawapunguzia, na mara nyingi hupoteza vyote.

Hatua ya tano: angalia ajira ilivyokoma

Kesi ya General Billposting dhidi ya Atkinson, ya mwaka 1909, ilihusu meneja aliyefukuzwa bila notisi aliyoahidiwa kwenye mkataba. Mahakama ilisema mwajiri aliyeuvunja mkataba mwenyewe hawezi kuugeukia na kudai sehemu inayompendeza. Meneja akawa huru.

Kwa hiyo ukifukuzwa kinyume na mkataba, kwa mfano bila notisi na bila malipo badala ya notisi, kifungu cha kutoshindana kinaweza kufa siku hiyohiyo. Tunza barua ya kufukuzwa, bahasha yake na ujumbe wa simu. Lakini usichanganye. Kupunguzwa kazi kwa kufuata utaratibu si kuvunja mkataba, wala mkataba wa muda maalumu kufika mwisho wake. Ukiacha mwenyewe kwa hiari, hoja hii haikuhusu kabisa.

Ukiacha, toa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira inaweka notisi isiyopungua siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa kazi. Mfanyakazi anayetoweka Ijumaa na kuonekana Jumatatu kwenye ghala la mpinzani anampa mwajiri dai la pili, tena lililo rahisi kulithibitisha kuliko la ushindani.

Hatua ya sita: ile milioni 20

Faini ya shilingi milioni 20 kwa mshahara wa 900,000 ni zaidi ya mishahara ya miezi 22. Inatisha, na imewekwa ili itishe. Kwanza, kifungu cha zuio kikianguka, faini yake inaanguka nacho. Pili, hata kikisimama, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyeumizwa fidia ya kiasi kinachofaa isiyozidi kiwango kilichotajwa. Milioni 20 ni dari, na mahakama haifungwi kulipisha yote. Mwajiri asiyeweza kuonyesha ni zabuni gani aliyoipoteza, na ni kwa sababu yako, anaweza kupata kidogo sana.

Kuna ujanja unaofanyika kimyakimya. Mwajiri hashtaki, ila hukata "faini" kwenye malipo ya mwisho, au hukalia cheti cha utumishi mpaka uahidi kutokwenda kwa mpinzani. Sheria ya ajira hairuhusu mshahara kukatwa kiholela, na cheti cha utumishi ni wajibu wa mwajiri ajira inapokoma. Dai hilo lipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu CMA F1. Kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi muda ni siku 60 tangu mgogoro uzuke, na kwa kuachishwa kazi ni siku 30. Ukichelewa utalazimika kuomba kwanza kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopotea.

Hatua ya saba: ukipata barua ya wakili

Usinyamaze, na usijibu kwa hasira. Jibu fupi linatosha:

"Nimepokea barua yenu. Nitaendelea kutunza siri za kampuni. Sikubaliani kwamba kifungu namba fulani kinanizuia kufanya kazi ya ukaguzi wa ubora, kwa kuwa kinakataza kazi zote za kilimo nchini kwa miezi 24. Naomba mnieleze ni taarifa gani ya siri mnayodai nimeitumia, lini, na kwa mzigo gani."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mwajiri mwenye dai la kweli ataitaja taarifa hiyo. Asiye nalo atarudia kwamba ulisaini.

Mwajiri mwenye haraka anaweza kuomba zuio la muda. Mahakama zetu zinapima mambo matatu, tangu uamuzi wa Atilio dhidi ya Mbowe wa mwaka 1969: kama kuna suala zito la kuamuliwa lenye uwezekano wa kufaulu, kama mwombaji atapata hasara isiyofidika, na nani ataumia zaidi. Kwa mfanyakazi, hoja ya tatu huwa na nguvu ukileta hati ya mshahara na orodha ya wanaokutegemea. Ahadi ya maandishi kwamba hutashiriki kupanga zabuni za mwajiri mpya mpaka msimu uishe inaweza kuondoa haja ya zuio zima. Zungumza na mwajiri mpya mapema. Mwenye busara atakubali, kwa sababu naye anaweza kushtakiwa kwa kukushawishi uvunje mkataba.

Kinachowaangusha wafanyakazi wenye kesi nzuri ni simu. Wiki ya mwisho mtu hujitumia kwa barua pepe jedwali la wanunuzi, au hupiga picha ubao wa zabuni "kwa kumbukumbu tu." Tarehe na saa hubaki humo. Kuanzia hapo hakuna tena anayejadili kama miezi 24 imezidi, maana mwajiri ana ushahidi wa siri kuchukuliwa, na kwa hilo kifungu cha kutunza siri kinamtosha. Rudisha vifaa, ondoka kwenye makundi ya kazi ya WhatsApp, na saini orodha ya ulichokabidhi ikiwa na tarehe.

Kama bado hujasaini

Hapa ndipo penye nafuu kubwa, na ni lugha tu. Omba sentensi ile ya mwanzo ibadilishwe isomeke hivi:

"Mfanyakazi aliyeshiriki kupanga bei za zabuni za korosho hatashiriki kupanga zabuni za korosho kwa kampuni nyingine hadi msimu wa minada uliokuwa ukiendelea alipoondoka umalizike, na kwa vyovyote si zaidi ya miezi 4. Katika muda huo mwajiri atamlipa nusu ya mshahara. Sharti hili halitatumika endapo mwajiri atavunja mkataba."

Malipo ya kipindi cha zuio hayalazimishwi na sheria, lakini waajiri wanaotaka kifungu kisimame hukubali, kwa sababu zuio linalolipiwa ni rahisi kulitetea. Anayekataa malipo na pia akakataa kupunguza muda, mwulize swali moja kwa upole: ni siri gani ya korosho inayodumu miezi 24? Ukipewa karatasi hiyo miaka miwili baada ya kuanza kazi, andika tarehe halisi kando ya saini yako na utunze nakala. Makubaliano yanahitaji kila upande kutoa kitu, na mwajiri atapaswa kueleza siku hiyo wewe ulipewa nini.